Hu- ya mazoea: jinsi ya kutafsiri "usually", "always" na "tends to"

Karibu kila mtafsiri mpya ninayemhariria huniletea sentensi ya namna hii: "Wakulima kwa kawaida wanapanda mahindi masika yanapoanza." Haina kosa la sarufi, na msomaji ataielewa. Lakini ukimuuliza bibi yako kule kijijini jambo hilohilo, atakwambia: "Wakulima hupanda mahindi masika yanapoanza." Amesema yote kwa neno pungufu, na hakuna aliyemfundisha.

Baada ya hapo maswali huja yaleyale. Je, hu- inakwenda na "mimi" au na "yeye" tu? Ukanushi wake ni upi? Nikishaandika hu-, naruhusiwa kuongeza "kwa kawaida"? Na hiyo "tends to" niiandikeje bila kusema "ina tabia ya"? Nimeyajibu kwa simu na pembezoni mwa karatasi kwa miaka mingi, na sasa nayaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Shika jambo moja kabla hatujaendelea. Kiingereza hubeba mazoea katika neno linalokaa kando ya kitenzi. Kiswahili huyabeba ndani ya kitenzi. Kwa hiyo tunaanza na kitenzi, kisha tunauliza kama lile neno la kando bado lina kitu cha kusema.

Unachohitaji

Uwe na aya nzima ya matini ya Kiingereza, wala si sentensi moja iliyokatwa, kwa sababu mara nyingi sentensi inayofuata ndiyo inayokuonyesha "usually" inamaanisha nini. Uwe na kalamu ya rangi ya kuzungushia maneno. Uwe na kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, si ile ya lugha mbili peke yake, maana ya lugha mbili itakupa "usually: kwa kawaida" na kukuacha hapo. Mwisho, mtafute mtu mmoja asiyejua matini hiyo, wa kukusikiliza ukisoma. Utamhitaji katika hatua ya nane.

Hatua ya 1. Zungushia neno na uliulize kazi yake

Pitia aya yote uzungushie kila "usually", "always" na "tends to" kabla ya kutafsiri hata sentensi moja. Pembeni ya kila neno andika herufi moja. Andika D kama neno linaeleza desturi, yaani jinsi jambo lilivyo au linavyotokea siku zote. Andika M kama linahesabu mara: mara zote, mara nyingi, si mara zote. Andika A kama limo ndani ya amri au maelekezo.

Ni D peke yake ndiyo inayokwenda moja kwa moja kwenye hu-. M huenda ikachukua hu- pamoja na neno jingine. A haichukui hu- kamwe. Kazi hii huchukua dakika chache, na huzuia zaidi ya nusu ya makosa ninayoyasahihisha.

Hatua ya 2. Tafsiri kitenzi kwanza, kielezi kisubiri

Chukua mzizi wa kitenzi na uubandike hu- mbele. Basi. Hakuna kiambishi cha nafsi, hakuna kiambishi cha ngeli: mimi husoma, wewe husoma, wao husoma, kitabu husomwa, mito hufurika. Yambwa hukaa mahali pake pa kawaida, baada ya hu-: hunisaidia, humwita, huyachuja maji.

Hapa kuna makosa matatu ninayoyakuta kila wiki.

La kwanza ni kuongeza nafsi: "ahusoma", "wanahusoma". Hu- imekalia nafasi ya nafsi na ya njeo kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kinachoingia mbele yake. Ukitaka nafsi isikike, taja mtenda kwa jina au kwa neno "mimi", "wao", au tumia njia ya "huwa" iliyo katika hatua ya nne.

La pili ni kubakiza "ku" kwenye vitenzi vifupi. Tunasema "anakula", "anakunywa", "anakuja", na mkono unazoea. Lakini kwa hu- ile "ku" huondoka: hula, hunywa, huja, hufa. Ukiandika "watoto hukula uji", msomaji mwangalifu atashtuka, kwa sababu "hukula" ni ukanushi wa wakati uliopita wa nafsi ya pili: wewe hukula jana. "Kwenda" hutoa "huenda", na "kwisha" hutoa "huisha".

La tatu ni kuiachanisha: "hu soma", "hu nywa". Ni neno moja.

Hatua ya 3. Rudisha kielezi ikiwa tu bado kina kazi

Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Hu- peke yake husema kwamba jambo ni la kawaida. Haisemi kama kuna siku halitokei. "Simba hula nyama" haina siku ya mapumziko. "Juma hula samaki Ijumaa" inaweza kuwa na Ijumaa moja au mbili alizokula maharage, na hakuna atakayesema Juma ni mwongo. Hu- hukaa vizuri kwenye mambo yote mawili.

"Usually" ya Kiingereza haiko hivyo. Ndani yake imeficha mlango: kwa kawaida ndiyo, ila si lazima. Swali lako basi ni hili: je, huo mlango ni muhimu kwa msomaji wangu? Angalia sentensi hizi mbili.

```
She usually walks to work.
She usually walks to work, but today she took the bus.
```

Ya kwanza: "Huenda kazini kwa miguu." Hakuna anayehitaji "kwa kawaida" hapo. Ya pili ina siku ya leo inayopingana na siku nyingine, na mpingano huo unahitaji kitu cha kuuegemea: "Kwa kawaida huenda kazini kwa miguu, lakini leo amepanda basi." Ukiiondoa "kwa kawaida" sentensi bado inasimama, ila inayumba kidogo, na msikilizaji hujua kuna "lakini" baada ya kuifikia.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia mezani kwangu ni ya maneno machache: kama aya inataja wanaotoka nje ya desturi, au kama uhai, fedha au sheria inategemea kujua kwamba wapo, rudisha kielezi. Vinginevyo kiache.

Ukikirudisha, chagua. "Kwa kawaida" hueleza utaratibu: ndivyo mambo yalivyopangwa au yalivyozoeleka. "Mara nyingi" huhesabu: katika mara kumi, nyingi ni hivi. "Aghalabu" ni ndugu wa "mara nyingi" mwenye sauti ya maandishi. Hufaa kitabuni na kwenye ripoti, na husikika mgeni kidogo kwenye ujumbe wa simu. Usiweke viwili pamoja. "Kwa kawaida mara nyingi hu-" ni mzigo wa watu watatu juu ya punda mmoja.

Hatua ya 4. Palipo na "is" au "has", tumia huwa

Kiingereza husema kitu fulani "is usually cold" au "usually has" hiki na kile. Watafsiri wapya huandika "ni baridi kwa kawaida" na "kwa kawaida ina". Kiswahili kina neno lake tayari: huwa.

Maji ya mtungi huwa baridi asubuhi. Embe bichi huwa na utomvu. Siku ya mnada huwa kuna msongamano barabarani.

Huwa hufanya kazi nyingine pia, na kwa mtafsiri hiyo ndiyo yenye thamani zaidi: hukaa mbele ya kitenzi kilichokamilika. "Huwa ninakunywa chai saa kumi." "Huwa tunafunga duka mapema." Mazoea yamebebwa na huwa, na nafsi imerudi kwenye kitenzi. Kila utakapohisi hu- ya kawaida imeacha shaka kuhusu nani anatenda, mlango wa kutokea ni huu.

Hatua ya 5. Always: uliza ni always ipi

Neno hili moja la Kiingereza lina watoto wengi, na kila mtoto ana jina lake kwetu.

Kama maana ni "kila tukio, bila kukosa", andika "kila mara" au "kila wakati", na kitenzi kikae na hu-: "Kila mara hufika kabla ya wenzake." Vizuri zaidi, taja tukio lenyewe: kila asubuhi, kila usiku, kila anapokuja. Kiswahili hupenda "kila" yenye kitu mkononi.

Kama maana ni "milele, bila kikomo", ndipo "daima" inapofaa. Watu huitumia "daima" kwa kila "always", na matokeo yake ni karatasi za dawa zinazosema "daima tikisa chupa", kana kwamba mgonjwa aitikise hadi kiama.

Kama ni amri, ile A yako ya hatua ya kwanza, hu- haina nafasi. Hu- hueleza, haiamrishi. "Always shake the bottle before use" ni "Tikisa chupa kila mara kabla ya kutumia dawa." Kwa lugha ya adabu, andika "Utikise chupa kila unapotaka kutumia dawa."

Kama ni lalamiko, yaani "he is always complaining", acha kutafuta kielezi kabisa. Kiswahili kina njia tamu zaidi: haishi kulalamika, kutwa kulalamika, kazi yake kulalamika. Ukiandika "daima analalamika" umetafsiri maneno na kuiacha hasira ya msemaji nje ya mlango.

Na kama sentensi inatoka zamani hadi leo, "the village has always depended on fishing", hu- haiwezi kuibeba safari hiyo. "Tangu zamani kijiji hiki kimekuwa kikitegemea uvuvi."

Hatua ya 6. Tends to: sahau neno "tabia" kwanza

Kamusi ya lugha mbili itakupa "kuwa na tabia ya" au "kuelekea". Yote mawili ni maneno mazuri, na yote mawili huwekwa mahali pasipo pao.

Tabia ni ya kiumbe chenye hiari, au angalau mnyama. "Mbuzi huyu ana tabia ya kukata kamba" ni Kiswahili safi. "Milango ya zamani ina tabia ya kukwama" si Kiswahili cha mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Mlango hauna tabia. Sema: "Milango ya zamani hukwama mvua zikinyesha." Hu- imekwisha kumaliza kazi.

"Kuelekea" huifaa hali inayosogea upande mmoja: bei inaelekea kupanda, mgonjwa anaelekea kupona. Kama hakuna mwendo, usiiite.

Kwa binadamu unayo mengine: "ni mwepesi wa kukasirika", "ana kawaida ya kuchelewa", "hupenda kuchelewa". Hiyo ya mwisho isikutishe. "Mtoto huyu anapenda kuugua mafua" haina maana kwamba anayafurahia. Ni namna yetu ya kusema jambo humjia mara kwa mara. Iweke kwenye mazungumzo na hadithi, usiiweke kwenye waraka wa hospitali.

Kama mwandishi wa Kiingereza ametumia "tend to" kwa tahadhari, kwa sababu hana uhakika kwamba wote wako hivyo, basi tahadhari hiyo ni sehemu ya maana. Tumia "mara nyingi hu-" au "aghalabu hu-".

Kuna umbo moja ambalo hufurahisha kulipata: sentensi ya "when this happens, that tends to happen". Weka -ki- upande wa kwanza na hu- upande wa pili. "Mvua ikizidi, barabara hii hukatika." "Akishiba hulala." Hapo "whenever", "usually" na "tends to" zote zimemezwa na silabi mbili.

Hatua ya 7. Ukanushi

Hu- haina ukanushi wake. Usiandike "hahusomi" wala "hahuli". Ukanushi wa "hula nyama" ni "hali nyama", na ule wa "hunywa pombe" ni "hanywi pombe".

Ugumu ni kwamba "hanywi pombe" haisemi kama ni mtu asiyekunywa kabisa au ambaye kwa kawaida hanywi. Kwa "never" ongeza "kamwe" au "hata kidogo": "hanywi pombe kamwe". Kwa "doesn't usually" weka huwa mbele: "huwa hanywi pombe".

"Not always" inahitaji macho mawili. Ukanushi lazima ugonge kielezi, si kitenzi. "The bus does not always come on time" ni "Si mara zote basi huja kwa wakati." Ukiandika "Basi daima haliji kwa wakati", umesema halijawahi kuwahi hata siku moja, na abiria waliowahi kulipanda watakuuliza.

Hatua ya 8. Soma kwa sauti, na umsikilize anayesikiliza

Hatua hii ilinigharimu mimi mwenyewe. Zamani nilitafsiri karatasi ya maelekezo kwa wagonjwa wanaomeza dawa kwa muda mrefu. Chini ya kichwa kilichowahusu wazee niliandika kama nukta: "Husahau kumeza dawa za jioni." Nilimaanisha kwamba wazee husahau. Karatasi ilikuwa imekwisha kuchapwa pale muuguzi mmoja aliponipigia na kuniuliza kwa upole kwa nini tunawahakikishia wagonjwa kwamba wao hawasahau.

Alikuwa na haki. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu huishia na -a, na vikikanushwa hugeuza mwisho: "husoma" ni mazoea, "husomi" ni wewe usiyesoma. Irabu ya mwisho inatuokoa. Lakini vitenzi vingi tulivyovipata kutoka Kiarabu havigeuzi mwisho. "Husahau" ni yeye ambaye husahau, na vilevile ni wewe usiyesahau. Hali ni hiyohiyo kwa husafiri, hufikiri, hurudi, hujibu, husamehe, hudhani.

Kwa hiyo kila unapokuta hu- juu ya kitenzi kisichoishia na -a, simama. Je, mtenda ametajwa karibu yake? "Wazee husahau kumeza dawa" haina shaka. "Husahau kumeza dawa", ikiwa peke yake kwenye orodha, ina maana mbili. Dawa yake ni kutaja mtenda au kutumia huwa: "huwa wanasahau".

Ukisoma, msikilizaji wako akikunja uso au akiuliza "nani?", usimweleze. Rekebisha sentensi.

Mfano uliofanyiwa kazi mpaka mwisho

Hii ni aya ya kipeperushi cha malaria, ya aina ambayo mtafsiri wa Afrika Mashariki ataletewa mapema au baadaye.

```
Malaria mosquitoes usually bite between dusk and dawn.
Symptoms usually appear 10 to 15 days after the bite.
Adults who have had malaria many times tend to have
milder symptoms.
Fever does not always mean malaria.
Always sleep under a treated net.
```

Nikizungushia, napata D, kisha M, kisha M, kisha M, kisha A. "Usually" mbili za mwanzo zimepata herufi tofauti, na sababu iko mbele.

Sentensi ya kwanza inaeleza mwenendo wa mbu. "Mbu wa malaria huuma kati ya magharibi na alfajiri." Je, nirudishe kielezi? Wapo wanaouma nje ya saa hizo, lakini ushauri wa kipeperushi ni chandarua cha usiku, na msomaji hatadhurika kwa kukosa neno hilo. Naliacha.

Sentensi ya pili inafanana na ya kwanza kwa Kiingereza, lakini hapa mlango wa "usually" ni jambo la uhai. Nikiandika "Dalili hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa", mtu aliyepata homa siku ya 25 baada ya safari anaweza kujiambia kwamba hiyo si malaria. Kuna wanaougua baadaye zaidi. Kielezi kinarudi: "Kwa kawaida dalili hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya mtu kuumwa na mbu." Nimeongeza pia "mtu" na "na mbu", kwa sababu "kuumwa" pekee ni pia kuugua.

Sentensi ya tatu ina mtego ambao sikuuona mara ya kwanza. "Many times" ni "mara nyingi", na "tend to" nayo nilitaka kuiita "mara nyingi". Ikatoka: "Watu wazima waliougua malaria mara nyingi mara nyingi hupata dalili nafuu." Haisomeki. Ukiiondoa "mara nyingi" moja, hakuna ajuaye iliyobaki ni ya nani: waliougua mara nyingi, au hupata mara nyingi? Kwa hiyo nabadilisha zote mbili: "Mtu mzima aliyekwisha kuugua malaria mara kadhaa aghalabu hupata dalili zisizo kali." Na hapa "aghalabu" haiondoki, maana wapo watu wazima wanaozidiwa.

Sentensi ya nne ni "not always". Ningeweza kuandika "Si mara zote homa humaanisha malaria", na ingepita. Lakini mama aliyembeba mtoto mwenye homa angesema: "Si kila homa ni malaria." Maneno matano, na kitenzi cha kumaanisha hakihitajiki. Naichukua ya mama.

Ya tano ni amri. "Daima lala chini ya chandarua" ni tafsiri niliyoiona imechapwa, na ndani yake mna makosa mawili: ile "daima" ya milele, na "chini ya", ilhali sisi hulala ndani ya chandarua. "Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku."

Aya kamili:

"Mbu wa malaria huuma kati ya magharibi na alfajiri. Kwa kawaida dalili hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya mtu kuumwa na mbu. Mtu mzima aliyekwisha kuugua malaria mara kadhaa aghalabu hupata dalili zisizo kali. Si kila homa ni malaria. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku."

Hesabu hu- zake: tatu, katika sentensi tano zilizokuwa na maneno matano ya mazoea. Tafsiri isiyopita hatua hizi ingekuwa na "kwa kawaida" mbili, "daima" mbili na "wana tabia ya" moja.

Mambo yakikwama

*Aya yangu imejaa hu- mpaka inachosha.* Hutokea ukieleza ratiba ya siku. "Huamka alfajiri, hunawa uso, huchemsha chai, huenda shambani." Weka hu- kwenye kitenzi cha kwanza, na vinavyofuata vichukue ku-: "Huamka alfajiri, kunawa uso, kuchemsha chai na kwenda shambani."

*Mhariri amegeuza hu- zangu zote kuwa -na-.* Watu wengi husema -na- kwa mazoea pia, na si kosa. Tetea hu- pale tu ambapo -na- inaleta maana ya sasa hivi. "Mtoto anakohoa usiku" inaweza kuwa ugonjwa wa wiki hii. "Mtoto hukohoa usiku" ni hali yake ya siku zote. Daktari atauliza maswali tofauti kwa kila moja, na hiyo ni hoja ya kutosha kumpelekea mhariri.

*"Huenda" imeleta mkanganyiko.* Neno hili ni "kwenda" ya mazoea na pia ni "labda". Tazama kinachofuata. "Mgonjwa huenda kliniki" ina mahali; anakwenda. "Mgonjwa huenda akatapika" ina kitenzi kingine chenye nafsi, ni labda. Kama zote mbili zimo katika aya moja, ile ya labda ibadilishe iwe "anaweza kutapika", na ya kwenda iwe "huwa anakwenda".

*Nimekutana na "used to".* Hu- ni ya mazoea yanayoendelea. Yaliyokwisha yanataka -likuwa na -ki-: "Alikuwa akivuta sigara." Ikiwa mazoea yamekoma na kukoma huko ndiko habari yenyewe, ongeza "zamani": "Zamani alikuwa akivuta sigara."

*Nataka "ambaye husoma" kwa neno moja.* Hakuna "husomaye". Una "asomaye", ambayo tayari ina maana ya mazoea, au "ambaye husoma". "Mbu aenezaye malaria" ni fupi kuliko "mbu ambaye hueneza malaria", na kwenye kipeperushi ufupi una faida.

*Wateja wangu wanasema "huwaga" au "anakujanga".* Hiyo -ga utaisikia sana Tanzania bara, na -nga utaisikia Kenya. Ni mazoea yaleyale yaliyobandikwa mwishoni mwa kitenzi. Kwenye mazungumzo ya mhusika wa hadithi au tangazo la redio lenye sauti ya mtaani, iache iwe, inamtambulisha msemaji. Kwenye waraka rasmi irudishe kwenye hu- au huwa, na usiweke vyote viwili kama "husomaga", kwa sababu mwanzo na mwisho wa neno hilo vinasema kitu kimoja.